Kipochi Kilichosahaulika kwenye Tuktuk: Uchambuzi wa Kisa cha Tafsiri, Malindi

Muktadha

Kisa hiki kilitokea Malindi, katika nyumba ya wageni iliyoko upande wa Casuarina. Majina, nambari za simu, tarehe na jina la nyumba yenyewe vimeondolewa. Wahusika ni watano: mgeni, mama wa makamo aliyekuja kupumzika na ambaye hakujua Kiswahili isipokuwa salamu, mwenye nyumba, ambaye humu tutamwita mwenyeji, kijana wa mapokezi, mfasiri wa mjini aliyeitwa baadaye, na dereva wa tuktuk. Baadaye ataingia dereva wa pili, na kuingia kwake ndiko kulikoonyesha ubora wa ujumbe pamoja na ufa wake.

Alhamisi usiku mgeni alirudi kutoka mjini kwa tuktuk. Hakuwa na pesa taslimu za kutosha, kwa hiyo mwenyeji alimlipa dereva kwa M-Pesa pale mlangoni, dereva akaondoka. Asubuhi ya Ijumaa mgeni aligundua kwamba kipochi chake hakipo. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili vya kusaidia kusikia, alivyovivua njiani kwa sababu upepo unaoingia ubavuni mwa tuktuk ulikuwa ukivuma ndani ya vifaa hivyo na kumsumbua. Vifaa vya namna hii hupimwa na kurekebishwa kulingana na masikio ya mtu mmoja, na haikuwezekana kupata vingine Malindi kabla ya safari yake ya kurudi kwao.

Nambari ya usajili ya tuktuk haikuandikwa na mtu yeyote. Kilichokuwapo ni ujumbe wa malipo uliobaki katika simu ya mwenyeji, ukiwa na jina na nambari ya dereva. Njia ya kawaida ingekuwa kumpigia simu, lakini mgeni hakuweza kuzungumza kwa simu bila vifaa vyake, naye alisisitiza kwamba maombi yawe yake mwenyewe, kwa maneno yake, si maneno ya mtu mwingine kwa niaba yake. Ndiyo maana yaliandikwa.

Maandishi ya mgeni

Mgeni aliandika aya moja ndefu kwa Kiingereza. Alieleza kwamba ameacha kipochi ndani ya chombo cha dereva, kwamba rangi yake ni ile iliyo kati ya buluu na kijani, kwamba safari ilikuwa saa 8:15 usiku kwa hesabu ya Kizungu, kwamba kilichomo ni cha lazima kwake, na kwamba atashukuru mno kikirudishwa. Alimaliza kwa kuahidi zawadi nono, na akaongeza kwamba hakuna maswali yatakayoulizwa.

Kwa mazoea ya lugha yake, ulikuwa ujumbe wenye adabu. Maneno ya mwisho aliyaweka kwa nia njema, ili aliyekiokota asiogope kujitokeza.

Rasimu ya kwanza

Kijana wa mapokezi aliifasiri aya hiyo harakaharaka na kuituma kwa simu ya ofisi saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Ilisomeka hivi:

> Habari. Nimeacha mfuko wangu mdogo wa kijani kwa gari yako jana saa nane na robo usiku. Una vitu muhimu sana. Tafadhali urudishe haraka. Nitatoa zawadi kubwa, hakuna maswali. Nijibu kwa namba hii.

Hakuna jibu lililokuja. Kufikia adhuhuri kijana alikwisha kuamini kwamba dereva amekila kipochi, na akapendekeza wamtumie ujumbe wa pili wa kumtaja polisi. Mwenyeji alimzuia, akamwita mfasiri anayemfahamu.

Tulipopata maelezo ya dereva baadaye, tulijua kwamba aliuona ujumbe huo dakika ileile ulipofika, akausoma mara mbili, kisha akauacha. Sababu zake zilikuwa tatu, na zote zilikuwa za haki. Kwanza, saa nane na robo usiku yeye alikuwa amelala. Hakuwa na abiria wa wakati huo. Pili, yeye haendeshi gari. Tatu, nambari asiyoijua iliyomwahidi zawadi kubwa ilimkumbusha meseji za matapeli zinazomwambia mtu kwamba ameshinda zawadi na kumtaka apige simu. Mtu mwenye busara hazijibu meseji hizo.

Maswali kabla ya kuandika upya

Mfasiri hakuanza kwa kuichukua aya ya Kiingereza. Alikaa na mgeni ukumbini, wakiandikiana kwenye karatasi, akamuuliza mambo ambayo aya ile haikuwa nayo. Alikaa upande gani wa kiti? Kushoto. Je, alikuwa na mzigo mwingine? Ndiyo, kikapu cha ukindu, alichokiweka nyuma ya kiti. Alikishika kipochi mkononi au alikiweka? Alikiweka juu ya kikapu, hivyo alidhani. Kipochi kina alama yoyote ambayo mtu mwingine hawezi kuibahatisha? Kina uzi wa zambarau uliofungwa kwenye zipu, kwa kuwa kishikio cha zipu kilikatika.

Jibu la kikapu lilibadilisha utafutaji mzima. Katika tuktuk za aina iliyoenea Malindi, nyuma ya kiti cha abiria kuna nafasi ya mizigo, na injini iko chini ya nafasi hiyo. Kitu kidogo kikiteleza kutoka juu ya kikapu hakianguki sakafuni penye miguu, ambako dereva hutazama anapofagia. Hudondoka kati ya mgongo wa kiti na bati la nyuma. Kwa hiyo maelezo ya mahali pa kutazama yakawa na uzito sawa na maelezo ya kitu chenyewe. Pia joto la injini likawa jambo la kutaja, maana vifaa hivyo vya kielektroniki havipendi joto wala unyevu.

Mfasiri alimuuliza vilevile mgeni yuko tayari kutoa kiasi gani. Mgeni alisema anaweza kufika shilingi 3,000, na zaidi ikibidi.

Ujumbe uliotumwa

Ujumbe mpya ulitumwa Ijumaa baada ya Alasiri, kutoka simu ya mwenyeji, ile iliyotumika kulipa nauli, ili dereva akilinganisha aone kwamba ni nambari aliyokwisha kupokea pesa zake. Uligawanywa kuwa meseji mbili, kila moja ikiwa na maana kamili hata nyingine ikichelewa.

Ya kwanza:

> Habari za jioni, kaka. Mimi ni yule mama mgeni uliyenipakia kwenye tuktuk jana Alhamisi, baada ya Isha, saa mbili na robo usiku, kutoka mjini hadi Casuarina, na mwenyeji wangu akakulipa mlangoni kwa M-Pesa. Asante kwa kunifikisha salama. Huenda kipochi changu kilidondoka bila mimi kujua. Ni cha kitambaa, kina zipu, ukubwa wa kiganja, rangi yake ni kati ya buluu na kijani. Ndani mna vifaa viwili vidogo vya kunisaidia kusikia.

Ya pili:

> Nilikaa upande wa kushoto na kikapu nilikiweka nyuma ya kiti. Tafadhali nitazamie hapo nyuma penye mizigo, na chini ya kiti. Kikionekana, naomba kisiwekwe juani wala mahali penye maji. Nauli ya kukileta nitailipa mimi, na juu yake nitakupa shilingi 2,000 za shukrani. Kisipoonekana, nijulishe pia, sitakuwa na neno. Kwa simu sisikii, naomba uniandikie hapa, au umpigie mwenyeji wangu kwa nambari hiihii.

Maamuzi na sababu zake

*Wakati.* Kosa la saa lilikuwa jepesi kulitambua na zito kwa matokeo yake. Kijana aliisoma 8:15 na kuiandika saa nane na robo, ilhali ni saa mbili na robo. Makosa ya namna hii huwapata hata wazungumzaji wazawa, hasa waliosoma na kufanya kazi kwa Kiingereza, kwa sababu jicho hunakili tarakimu kabla akili haijageuza saa. Mfasiri hakutosheka na kurekebisha saa peke yake. Aliongeza “baada ya Isha”, ambayo mwambao mzima huielewa, Mwislamu na asiye Mwislamu, na ambayo haiwezi kusomwa kwa hesabu mbili.

Siku nayo ilihitaji uangalifu. Katika matumizi ya zamani ya Waswahili siku huanza magharibi, hivyo “usiku wa Ijumaa” ni ule usiku unaoitangulia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisini ni Alhamisi usiku. Wazee wa Malindi na Lamu bado husema hivyo. Vijana wengi wamechanganya. Lau ujumbe ungesema “usiku wa Alhamisi”, msomaji mmoja angefikiria Jumatano usiku na mwingine Alhamisi. “Jana Alhamisi, baada ya Isha” inafunga mlango huo. Na kutajwa kwa “Alhamisi” kando ya “jana” kulikuwa na faida nyingine: meseji ikisambazwa kesho yake, neno “jana” hupotoka, lakini Alhamisi hubaki Alhamisi.

*Rangi na umbo.* Rangi aliyoitaja mgeni haina jina moja linaloeleweka na wote katika Kiswahili cha kila siku. Kijana alichagua kijani, na mtu anayetafuta kijani hupitisha macho juu ya kitu anachokiona kuwa buluu. Mfasiri alifikiria kutumia samawati, akaacha, kwa kuwa wengi huichukua kuwa buluu ya mbingu, iliyo nyepesi. Aliona afadhali kutaja rangi mbili na kusema iko kati yake. Kuhusu umbo, “mfuko mdogo” wa rasimu ya kwanza ungeweza kuwa mfuko wa karatasi, wa plastiki au wa begani. “Kipochi” chenye zipu, cha ukubwa wa kiganja, humpa mtafutaji kipimo anachobeba mkononi mwake mwenyewe.

Vifaa vyenyewe vilielezwa kwa kazi yake. Mtu ambaye hajawahi kuviona anaweza kudhani ni spika za masikioni za kusikilizia muziki, na akavitafuta akiwa na sura hiyo akilini, au akaviona kuwa kitu cha anasa. Maneno “vya kunisaidia kusikia” yalimweleza dereva mambo mawili kwa pamoja: ni kitu gani, na kwa nini mgeni anahangaika. Kulikuwa na pendekezo la mwenyeji kwamba iandikwe kuwa vifaa hivyo havimfai mtu mwingine yeyote, kwa sababu vimepimwa kwa masikio ya mgeni. Ni kweli, na huenda ingepunguza tamaa. Lakini sentensi hiyo ingemwambia dereva, kwa mlango wa nyuma, kwamba tumeshafikiria utaviuza. Mfasiri aliikataa, na kwa maoni yangu alifanya vyema.

*Kutotuhumu.* Kitenzi “rudisha” ndicho kilichoharibu sauti ya rasimu ya kwanza. Ukimwambia mtu arudishe, umekwisha kuhukumu kwamba anacho. Ujumbe mpya unasema “huenda kipochi changu kilidondoka bila mimi kujua”, ambapo aliyezembea ni mwenye mali. Unaendelea na “nitazamie”, ambalo ni ombi la msaada. Na unatumia “kikionekana” badala ya “ukikipata”, ili kitu kiweze kuonekana na yeyote. Kisha ukampa dereva njia ya kujibu hata kama hana habari njema. “Nijulishe pia, sitakuwa na neno” ni sentensi fupi, lakini ndiyo iliyoleta jibu la kwanza, kama tutakavyoona. Mtu aliyetafuta akakosa mara nyingi hunyamaza, kwa kuogopa kwamba jibu lake litachukuliwa kuwa uongo.

Anwani ya “kaka” ilijadiliwa. Mgeni alikuwa mkubwa kwa umri kuliko dereva, na mama wa hapa angeweza kusema “mwanangu”. Kwa mgeni aliyekutana na mtu kwa dakika kumi ingekuwa ukaribu wa kujipachika. “Bwana dereva” ilikuwa na harufu ya barua ya ofisi. Jina lililoonekana katika ujumbe wa malipo lilimwonyesha dereva kuwa Mwislamu, na mwenyeji alitaka ianze kwa salamu ya Kiislamu. Mfasiri alipendelea “habari za jioni” kwa sababu anayesema ni mgeni, naye hakuitoa salamu hiyo alipopanda.

*Ahadi ya shukrani.* Hapa ndipo mfasiri alipotumia muda mwingi zaidi, na ndipo penye funzo kubwa.

Aya ya Kiingereza ilikuwa na kitu kimoja tu: zawadi. Ujumbe wa Kiswahili uliigawa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni nauli ya kukileta kipochi, ambayo ni haki ya dereva. Atatumia mafuta na kupoteza abiria akija Casuarina bila mtu nyuma. Sehemu ya pili ni shukrani, ambayo ni hiari ya mwenye mali. Zikichanganywa, dereva hukokotoa moyoni iwapo “zawadi” itabakiza chochote baada ya mafuta, na mwenye heshima zake huona kwamba analipwa kwa uaminifu. Zikitenganishwa, anaweza kupokea nauli bila haya, na shukrani akaipokea au akaikataa kwa uungwana. Neno “zawadi” liliachwa kwa sababu ya meseji za matapeli zilizotajwa juu. “Chai” halikufikiriwa hata kidogo. Katika mazingira yetu linanuka rushwa.

Kiasi kilitajwa. Hili si jambo ambalo wafasiri wote wangekubaliana nalo, kwa kuwa wapo wanaoona kwamba kutaja pesa kunaugeuza wema kuwa bei. Hoja ya mfasiri ilikuwa kwamba “kubwa” bila tarakimu ndiyo inayotia shaka, na kwamba kiasi kinachojulikana huzuia majadiliano ya bei mlangoni, ambayo ndiyo aibu yenyewe. Alimshauri mgeni ataje shilingi 2,000 ingawa alikuwa tayari kutoa zaidi. Kiasi kinachozidi sana thamani ya kazi humfanya msomaji aanze kukikadiria kitu chenyewe, na papo hapo shukrani huwa kikomboleo. Aidha, ilikubaliwa kwamba hakuna pesa itakayotumwa kabla ya kipochi kufika, na kwamba jambo hilo halitaandikwa. Kuliandika kungeonyesha kutomwamini dereva.

*Hakuna maswali.* Maneno hayo yaliondolewa kabisa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya maana: kumwambia mtu kwamba hutamuuliza maswali ni kumwambia kwamba yapo maswali ya kuulizwa. Ya pili ni ya kisheria. Mwenyeji alikusudia kuuweka ujumbe huohuo kwenye kundi la WhatsApp la madereva wa stegi ya karibu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakataza kutangaza hadharani zawadi kwa kurudishwa mali iliyoibiwa au kupotea huku tangazo likitumia maneno ya kuahidi kwamba hakuna maswali yatakayoulizwa. Meseji kati ya watu wawili si tangazo la hadharani, lakini kundi lenye madereva wengi linakaribia sana kuwa hivyo, na hakukuwa na haja ya kujaribu mpaka uko wapi. Mwishowe kundi halikutumiwa, kwa kuwa jibu lilikuja kabla ya Magharibi.

*Kilichofichwa.* Uzi wa zambarau haukutajwa popote. Maelezo yalipaswa kumtosha anayetafuta, yasimtoshe anayedai. Pwani hii ina msingi wa muda mrefu wa jambo hilo katika mafundisho ya luqata, yaani mali iliyookotwa: aliyeokota hutakiwa kukijua chombo na kifungo chake, kisha atangaze kwa mwaka mzima, na mwenye mali hujulikana kwa kuvieleza. Mfasiri alitarajia kwamba dereva, akikipata, huenda akauliza, na alimwambia mwenyeji aweke jibu tayari.

Kilichofuata

Dereva alijibu kabla ya Magharibi. Aliandika kwamba anamkumbuka mama na kikapu chake, kwamba ametazama nyuma ya kiti na chini yake na hakuona kitu, lakini tuktuk ile huchukuliwa na mwenzake kwa zamu ya usiku, na kwamba anamtumia ujumbe mwenzake huyo. Aliongeza pole.

Alizisambaza meseji zote mbili kama zilivyo. Mwenzake, ambaye hakuwahi kumwona mgeni, alizielewa bila maelezo ya ziada. Alikuwa amekiona kipochi usiku uleule alipokuwa akipanga magunia ya abiria mwingine, akakitia kwenye sanduku dogo chini ya kiti chake, akitarajia mwenyewe atakuja kukiulizia stegini. Jumamosi asubuhi alimpigia mwenyeji. Swali lake la kwanza lilikuwa: kipochi kina alama gani? Mwenyeji alimtajia uzi wa zambarau. Saa moja baadaye alikuwa mlangoni, na vifaa vilikuwa vizima.

Alipopewa shilingi 2,000 alisema si lazima. Mwenyeji alimjibu kwamba ni shukrani ya mama, si malipo, naye akapokea. Nauli aliipokea bila maneno.

Jioni ya siku hiyo dereva wa kwanza aliandika tena, kwa adabu, akiuliza kama kipochi kilifika. Mwenyeji aliijibu meseji hiyo kwa shukrani. Baada ya kimya kifupi dereva akaandika kwamba ahadi ya shukrani aliipata yeye, na kwamba alipoteza muda kuifungua nyuma ya tuktuk na kumtafuta mwenzake. Hakudai kiasi. Mgeni aliposomewa maneno hayo aliamua kumtumia shilingi 1,000, na jumla ya alichotoa ikawa ileile aliyoitaja mwanzoni, mbali na nauli.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni utambulisho wa safari katika sentensi ya pili ya meseji ya kwanza. Chombo, siku, wakati, njia na namna ya malipo vilimwondolea dereva shaka ya utapeli kabla hajafika kwenye habari ya pesa, na mpangilio huo ni wa makusudi: pesa zilikuja karibu na mwisho wa meseji ya pili. Katika rasimu ya kwanza hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho mtu asiyejua safari hiyo asingeweza kukibuni.

Mahali pa kutazama, ingawa dereva wa kwanza hakukikuta kipochi hapo, palikuwa sahihi. Ndipo alipokiokota mwenzake. Thamani ya maelezo hayo ilikuwa kwamba utafutaji ulikwisha kwa dakika chache na jibu likaja mapema, wakati ambapo zamu ilikuwa haijabadilika tena.

Kugawanya ujumbe kulisaidia kwa sababu ya kiufundi ambayo wafasiri huisahau. Meseji ya kawaida ya simu hubeba herufi 160, na ikizidi hukatwa vipande vya herufi 153 ambavyo simu huviunganisha tena. Kiswahili hakina herufi za ziada, hivyo hupita vizuri. Lakini emoji moja, au alama za kunukuu zilizopinda zilizonakiliwa kutoka kwenye kompyuta, huushusha uwezo huo hadi herufi 70, na vipande vinaongezeka zaidi ya mara mbili. Mfasiri aliandika meseji moja kwa moja kwenye simu, bila alama hizo. Tahadhari ya joto na maji kwa upande mwingine haikuleta tofauti yoyote inayoonekana, maana kipochi kilikwisha kuwekwa mahali salama. Haikugharimu kitu ila sentensi moja.

Kulikokosekana ni katika kumtambua anayeahidiwa. Ujumbe ulisema “nitakupa”, ukimwelekea mtu mmoja, ilhali kila kitu kingine ndani yake kilikuwa kimeandikwa kwa uwezekano wa kupita mkononi mwa wengine: “kikionekana”, “kisiwekwe”, “kisipoonekana”. Ahadi peke yake ndiyo iliyobaki na nafsi. Tuktuk nyingi za Malindi huendeshwa na zaidi ya mtu mmoja, mara nyingi kwa zamu na mara nyingi si mali ya dereva mwenyewe, kwa hiyo kuwapo kwa mtu wa pili si ajali ya kisa hiki. Uungwana wa dereva wa kwanza ndio ulioliokoa jambo lisiwe ugomvi kati ya watu wawili wanaotumia chombo kimoja, ambao wangebaki nao baada ya mgeni kuondoka.

Kubadilisha “nitakupa” tu kuwa “nitampa atakayekileta” kungeliziba pengo moja na kufungua jingine, kwa sababu kungempa kila kitu aliyekuja mlangoni na kumnyima aliyetafuta na kuulizia. Kwa matumizi ya baadaye, mwenyeji ameihifadhi sentensi hii katika simu yake, akiacha nafasi ya kiasi:

> Nauli ya kukileta nitailipa mimi, na juu yake nina shilingi ____ za shukrani. Mkiwa zaidi ya mmoja mlionisaidia, nijulisheni ili kila mmoja apate fungu lake.